"Yuko Polisi Mbezi": Kumfikia Ndugu Aliyekamatwa Mji wa Ugenini

Simu za namna hii huingia usiku. Anayepiga hajitambulishi vizuri, sauti inakatikakatika, na maneno yanayosikika ni machache: kijana wenu amekamatwa Dar es Salaam, yuko polisi Mbezi. Kisha simu inakata, na ikipigwa tena haipatikani. Kesho yake alfajiri kuna mtu wa familia anapanda basi akiwa na anwani moja tu kichwani, polisi Mbezi, akidhani imetosha.

Haitoshi, na mgeni wa jiji hawezi kulijua hilo peke yake. Dar es Salaam ina Mbezi zaidi ya moja. Ipo Mbezi Luis, iliyoko Barabara ya Morogoro, ambako tangu 2021 ndipo kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Ipo pia Mbezi Beach, kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Kutoka moja hadi nyingine unapitia Goba, na ni safari yenyewe. Ya kwanza iko Wilaya ya Ubungo, ya pili iko Kinondoni, kwa hiyo polisi wake si wamoja. Tena mtu aliyekamatwa Mbezi Beach anaweza kabisa asilale Mbezi Beach, bali akapelekwa Kawe, kwa sababu vituo vidogo vya polisi mara nyingi havihifadhi mahabusu na humpeleka mtuhumiwa kituo kikubwa cha eneo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja kutoka Korogwe ili tuone njia yote inavyokwenda. Mtoto wa dada yake anaishi Dar es Salaam, anauza vifaa vya simu. Alhamisi saa 1 usiku amekamatwa kwa kununua simu inayodaiwa kuwa ya wizi. Habari zinamfikia mama saa 4 usiku. Ijumaa asubuhi anapanda basi, na saa 8 mchana anateremka Mbezi Luis. Akiuliza tu polisi Mbezi wako wapi, dereva wa bodaboda atampeleka kituo cha jirani kwa nia njema kabisa. Huko askari atapekua kitabu, jina halipo, na mama ataanza kulia akiamini kijana amefichwa. Kumbe amefika wilaya nyingine.

Dawa ya kosa hilo iko kwenye ile simu ya usiku. Yeyote anayepiga, kabla hajakata, aulizwe mambo manne: amekamatwa sehemu gani hasa (mtaa, au jina la kituo cha daladala kilicho karibu), saa ngapi, nani waliomkamata, na kwa kosa gani. Swali la tatu watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua mengi. Mtu aliyekamatwa na polisi wa doria wa eneo utampata kituo cha eneo. Aliyekamatwa na makachero wa ofisi ya upelelezi ya mkoa anaweza kupelekwa makao ya polisi ya mkoa, ambayo kwa Kinondoni ni Oysterbay. Aliyegonga mtu kwa gari au pikipiki, shughuli yake iko kwa askari wa usalama barabarani, hata kama wako jengo hilohilo. Dereva huyo ukimwulizia kwa wapelelezi wa makosa ya jinai utapoteza asubuhi nzima, maana jarada lake liko chumba kingine, kwa watu wengine.

Kuna na jambo la fedha, ni bora lisemwe mapema. Ikiwa mpigaji anajiita askari na anataka utume pesa kwenye namba ya simu ili ndugu yako aachiwe, usitume. Dhamana ya polisi haina malipo. Matapeli wanaujua vizuri mshtuko wa familia iliyo mbali, na wengine hupata majina ya watu waliokamatwa kweli. Mwambie unakuja kituoni mwenyewe, kisha umwombe jina la kituo na jina lake. Askari wa kweli hana sababu ya kukuficha kituo chake.

Sasa mama wetu yuko stendi. Watu wa kumwuliza njia si wale wanaokimbilia mlango wa basi kugombea mizigo. Amwulize mwenye duka, au dada anayetoa huduma za fedha za simu kibandani, kwa sababu hao hawaondoki hapo na hawana nauli ya kupata kwake. Tena asiulize polisi wako wapi. Aulize: "Mwanangu, kituo cha polisi cha Kawe naendaje kutokea hapa?" Akipanda bodaboda, atamke jina lote la kituo na wakubaliane nauli kabla ya kuondoka. Ikiwa hana hakika kama ni Kawe, basi kuuliza kwenye kituo chochote cha polisi kilicho karibu si kupoteza muda, mradi aseme mahali mtu alipokamatiwa. Askari wa jiji wanajua vizuri mtuhumiwa wa Mbezi Beach hupelekwa wapi.

Akifika Kawe, mtu wa kwanza kumwona ni askari wa lindo, mara nyingi ana bunduki. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Wanamkuta huyu, wanaona sare, wanamwaga kisa chote tangu kuzaliwa kwa kijana. Lakini askari wa lindo kazi yake ni kulinda. Hana kitabu, hajui nani yuko mahabusu, wala hana mamlaka ya kumwachia mtu. Anachoweza ni kukuonyesha mlango. Kwa hiyo anachohitaji kusikia ni sentensi moja: "Habari za kazi, afande. Nimekuja kumwona ndugu yangu aliyekamatwa, naomba unielekeze kaunta." Na kama askari ni kijana, huenda yeye ndiye atakayeanza: "Shikamoo mama," naye aitikie "Marahaba mwanangu," kisha aseme shida yake. Salamu hiyo ina uzito. Askari aliyesalimiwa na kujibiwa vizuri huwa amekwisha kuona kwamba aliye mbele yake hakuja kwa shari.

Kaunta, ambayo wengine huiita chumba cha mashtaka, ndipo mlango halisi wa kituo cha polisi. Askari wa zamu aliyeko hapo ana kitabu cha matukio na kumbukumbu za mahabusu. Kila anayeingizwa ndani huandikwa, na vitu alivyokutwa navyo huandikwa: simu, mkanda, pochi, fedha. Huyu anaweza kukujibu maswali mawili kwa uhakika, nayo ndiyo ya kumwuliza. La kwanza, je, mtu wangu yuko hapa? La pili, mpelelezi wa shauri lake ni nani?

Namna ya kulileta swali la kwanza ina maana kubwa. Mtu akisema, "Mna kijana wangu hapa?" askari hana pa kuanzia. Mama aseme hivi: "Afande, namtafuta mtoto wa dada yangu. Jina lake kamili ni hili, amekamatwa jana saa 1 usiku Mbezi Beach, nimeambiwa ni mambo ya simu." Jina, siku, saa, mahali na tuhuma. Kwa hayo askari anakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa jana jioni. Bora zaidi ni kuwa na jina limeandikwa kwenye karatasi, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, maana kijana anayeitwa Side nyumbani ameandikwa Saidi kitabuni, na anayetumia jina la ukoo shuleni huenda alitaja jina la baba na la babu alipoulizwa usiku ule.

Jina lisipoonekana, ni mapema mno kukata tamaa. Mama aombe kwa upole liangaliwe kwa mpangilio mwingine: "Samahani afande, labda ameandikwa kwa jina la babu yake." Likikosekana bado, yanabaki mambo matatu ya kuuliza: kama watuhumiwa wa Mbezi Beach wa jana walipelekwa kituo kingine, kama kuna kikosi kingine kilichokamata watu eneo lile usiku ule, na kama kuna waliotolewa asubuhi kupelekwa mahakamani. Hili la mwisho ni la kawaida sana. Karandinga huondoka asubuhi, na familia inayofika mchana humkosa mtu ambaye kweli alilala hapo.

Tuseme jina limepatikana. Kishawishi kinachofuata ni kumwuliza askari huyohuyo wa kaunta: "Sasa tufanyeje atoke?" Swali hili analo mtu mwingine, na kumwulizia hapa kuna hatari mbili. Ama atakujibu tu usubiri, kwa kuwa hana la kukujibu, nawe utakaa kwenye benchi hadi giza liingie. Ama, kwa bahati mbaya, kuna watakaokuona kama mtu asiyejua utaratibu, na asiyejua utaratibu ndiye anayeombwa fedha. Swali la kaunta ni la pili katika yale mawili: nani mpelelezi, naweza kumpata wapi. Mama aandike jina analotajiwa, na aombe namba ya jarada kama ipo. Au aombe RB, ile namba ya taarifa iliyofunguliwa na mlalamikaji. Ukiwa na namba hiyo na jina la mpelelezi, kila unayemwendea baadaye atakuelewa kwa dakika moja.

Mpelelezi ndiye anayejua kisa. Ndiye anayeweza kusema kijana anatuhumiwa nini, kama maelezo yake yameshachukuliwa, na kama yeye anaona kuna pingamizi la dhamana. Lakini mpelelezi hakai kaunta, na Ijumaa mchana anaweza kuwa nje anatafuta mashahidi. Hapa mama asikubali jibu la "hayupo" likaishia hapo. Aulize anarudi saa ngapi, aombe apigiwe simu, na kama hapatikani, aombe kumwona mkuu wa kituo.

Wengi huogopa kufika kwa mkuu wa kituo wakidhani ni kushtaki. Siyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaja yeye hasa. Mtu akikamatwa bila hati, na kosa lenyewe si zito, na ikawa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, anayewajibika kumwachia kwa dhamana ni askari mkuu wa kituo. Kwa hiyo kumwomba nafasi ni kumwendea mwenye kazi yake. Kijana wetu alikamatwa Alhamisi saa 1 usiku. Saa 24 zinatimia Ijumaa saa 1 usiku, na mahakama haitafunguliwa tena hadi Jumatatu. Ndiyo maana saa 8 ile ya mchana ina thamani kubwa, na kila nusu saa inayopotea kwenye Mbezi isiyo yake ina gharama. Mama aingie na kusema kwa sauti ya kawaida: "Afande, kijana wetu amekamatwa tangu jana saa 1 usiku. Mpelelezi wake ni fulani, namba ya jarada ni hii. Nimekuja na mdhamini. Naomba kujua kama anaweza kupata dhamana leo, na kama haiwezekani, naomba kujua sababu na siku atakayopelekwa mahakamani, na mahakama gani."

Neno "nimekuja na mdhamini" linataka maandalizi. Mdhamini ni mtu anayejulikana anakoishi, mwenye kitambulisho, na mara nyingi ataombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Mama wa Korogwe mwenyewe anaweza kukataliwa kwa sababu anaishi mbali na kumfuata ni kazi. Kwa hiyo, wakati basi bado liko Chalinze, apigiwe ndugu au jirani wa kijana aliyeko Dar es Salaam aende serikali ya mtaa kuchukua barua. Ofisi za serikali hufunga saa 9 na nusu alasiri, na hakuna uchungu kama wa kupata mkuu wa kituo aliye tayari kutoa dhamana huku barua ikiwa imefungiwa ofisini hadi Jumatatu.

Zipo tuhuma ambazo kwazo haya yote hayatasaidia. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Mama akijibiwa hivyo, swali lake linabadilika na kuwa moja tu: anapelekwa mahakama gani, lini. Na mtu huyo anahitaji wakili mapema kuliko mdhamini.

Kabla ya kuondoka kituoni, mama atataka kumpa kijana chakula. Hilo hurudishwa kaunta, kwa askari wa zamu. Asishangae akiambiwa aonje mbele ya askari. Ni tahadhari ya kawaida, na hufanywa kwa kila mtu. Chakula kiwe kimefungwa kwa namna inayofunguka kirahisi, bila chupa za kioo wala visu. Akiruhusiwa kumwona, amwulize kijana mambo yenye faida: kama amepigwa au anaumwa, kama ametia sahihi maelezo, na vitu gani alikutwa navyo vikaandikwa. Zamu ikibadilika, askari anayeingia hajui mlichozungumza na aliyetoka, hivyo mama amweleze upya kwa ufupi, akitaja namba ya jarada.

Katika mlango huohuo wa kituo huingia pia watu ambao hawakuja kumfuata mtuhumiwa. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, au mzazi mwenye mtoto aliyefanyiwa ukatili, hana haja ya kusimulia kaunta mbele ya watu waliojipanga. Amwambie askari wa lindo maneno manne tu: naomba Dawati la Jinsia. Dawati la Jinsia na Watoto lina askari waliofundishwa kazi hiyo, na kwenye vituo vingi lina chumba chake cha faragha. Kama kuna jeraha, aombe fomu ya matibabu, PF3, ambayo hutolewa bure.

Jumatatu, ikiwa dhamana ya polisi haikupatikana, mama anahamia mahakamani, na kosa la Mbezi linamsubiri huko pia. Neno "mahakama" halitoshi. Jijini kuna Mahakama za Mwanzo kadhaa, kila moja na eneo lake. Kuna Mahakama za Wilaya. Kuna Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu katikati ya jiji, ambayo wengi wameisikia kwenye taarifa za habari, kwa hiyo dereva wa bodaboda akisikia "mahakamani" wazo linaweza kumwendea huko. Kuna pia Kituo Jumuishi cha Temeke, ambacho kazi yake ni masuala ya familia kama mirathi, ndoa na talaka. Aliyemleta kijana wa simu pale hatapata kitu, na mwenye shauri la mirathi aliyekwenda Kisutu ataelekezwa Temeke. Mikoa mingine, kama Morogoro, Dodoma, Arusha na Mwanza, ina vituo jumuishi ambamo ngazi kadhaa za mahakama ziko ndani ya jengo moja. Huko kupata jengo ni rahisi, shida ni kupata ghorofa. Jibu la swali hili lote liko kwa mpelelezi: jina kamili la mahakama, kwa mfano Mahakama ya Wilaya Kinondoni. Mwenye hati ya wito mkononi asiulize mtu. Jina la mahakama, namba ya shauri na saa vimeandikwa pale juu, na mhuri upo chini.

Mama afike saa 2 asubuhi. Getini atamkuta mlinzi, labda na kitabu cha wageni, na mkoba utakaguliwa. Mlinzi huyu ni kama yule askari wa lindo: anajua milango, hajui mashauri. Aulizwe mlango: "Masjala ya jinai iko wapi?" Neno masjala linafungua njia. Ndiyo ofisi inayotunza majarada ya mashauri, na mara nyingi ya jinai iko mbali na ya madai. Anayeuliza "kesi yetu iko wapi" ataonyeshwa benchi akae.

Pembeni ya mapokezi au ukutani hubandikwa orodha ya mashauri ya siku. Kila mstari una namba ya shauri, majina, hakimu na hatua iliyofikiwa: kutajwa, kusikilizwa, hukumu. Mwenye shauri la zamani anamaliza kazi yake hapo, anasoma hakimu na kwenda kwenye ukumbi au chumba chake. Mama wetu hatamwona kijana kwenye orodha hiyo, na hapa ndipo hofu hurudi. Sababu ni nyepesi. Shauri jipya hufunguliwa asubuhi hiyohiyo, polisi na waendesha mashtaka wakileta hati ya mashtaka, wakati orodha imeshachapwa. Jina kutokuwepo ukutani si dalili kwamba hakuletwa.

Kwa hiyo aende masjala, amsubiri karani amalize aliye mbele yake, kisha aulize: "Samahani dada, kuna kijana analetwa leo kutoka Kawe, shauri jipya. Naomba kujua atapangiwa hakimu gani." Karani akiwa bado hajapokea kitu, mama asikae masjala. Aangalie linapoingia karandinga. Mahabusu huteremshwa na kuwekwa chumba chao cha mahakamani wakiwa na askari, na askari wale wanajua nani ameletwa. Kwao swali ni moja tu: je, aliyetoka Kawe yupo? Wasiulizwe zaidi, na mtu asijaribu kumpa mahabusu kitu bila ruhusa yao.

Shauri likiitwa, ukumbi uko wazi kwa watu. Kofia ivuliwe, simu izimwe, na asiyeitwa asiseme. Hakimu akitaja masharti ya dhamana, maneno ni ya haraka, na mtu mwenye wasiwasi huyakosa. Kwa kawaida ni idadi ya wadhamini, barua za utambulisho, nakala za vitambulisho, na kiasi cha bondi watakachotia sahihi. Bondi siyo fedha za kulipa papo hapo. Ni ahadi ya kulipa kiasi hicho kama mshtakiwa atatoroka. Ikiwa hakimu ameagiza fedha taslimu ziwekwe, hulipwa serikalini kwa namba ya malipo inayotolewa na mahakama, na stakabadhi hutolewa. Mama asimwulize hakimu. Amfuate karani wa hakimu huyo nje ya ukumbi na kumwomba amrudie masharti polepole, ayaandike moja moja.

Ni hapo nje, kwenye korido na chini ya miti ya getini, wanaposimama vishoka. Wana shati safi, bahasha ya kaki, na wanajua majina ya makarani wote. Mmoja atamwambia mama kwamba yeye ni wakili, au anamjua hakimu, au anaweza kukodisha wadhamini. Hasira yangu kwa watu hawa ni kubwa, kwa sababu wanamnyonya mtu siku ambayo hana hata nguvu ya kubishana. Wakili wa kweli atakutajia jina lake kamili na ofisi yake, na jina hilo linaweza kutafutwa kwenye orodha ya mawakili katika tovuti ya Mahakama. Mdhamini wa kukodi ana barua ya kughushi, na ikigundulika aliyemleta naye anaingia hatarini. Anayedai fedha kwa ajili ya karani au hakimu atajiwe TAKUKURU, ambao simu yao ya bure ni 113. Katika mahakama nyingi kuna bango lenye namba ya Hakimu Mfawidhi, ambaye ndiye mwenye dhamana ya kituo kizima, na malalamiko kuhusu huduma hupelekwa kwake.

Ningependa kuona kila kituo cha polisi na kila mahakama ina mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kuelekeza tu, anayejua tofauti ya kaunta na ofisi ya upelelezi, ya masjala na ukumbi. Baadhi ya mahakama mpya zina dawati la mapokezi la namna hiyo, na ukilikuta, anza hapo. Kwingineko msaada mzuri wa njia unaweza kuupata kwenye duka la steshenari lililo mkabala na geti. Kijana anayetoa nakala pale huona watu wa shida hii kila siku. Anajua geti lipi hufunguliwa asubuhi, masjala iko upande gani, na nakala ngapi za kitambulisho zinatakiwa. Mwulize hayo. Ya dhamana na ya sheria yabaki kwa wenye nayo.

Ikitokea masharti hayakutimia siku hiyo, kijana atarudishwa rumande, na safari hii si Kawe tena bali gerezani. Dar es Salaam kuna Keko, Segerea na Ukonga, na kila moja liko mahali pake. Kabla ya kutoka ukumbini, mama amwulize karani tarehe ambayo shauri litatajwa tena na namba yake, na awaulize askari walioleta mahabusu anapelekwa gereza lipi. Kisha, akiwa na muda wa kutosha kabla ofisi hazijafungwa, apige simu kwa yule mdhamini wa Dar es Salaam amweleze ni karatasi gani iliyokosekana.